Kutafuta k1, k2 na k3 kwa mkono: mota ya ngoma ya taa ya dagaa, hatua kwa hatua

Kuna dogo mmoja hapa Mwanga, Kigoma, ana projekti ya chuo: ngoma ndogo inazungushwa na mota, imefungwa kamba, na kwenye kamba inaning'inia taa ya kuvutia dagaa. Anataka aandike "shusha sentimita kumi" na taa ishuke kumi itulie palepale, sio inapitiliza halafu inarudi halafu inapitiliza tena. Kanijia jioni na daftari, kashanakili geini tatu za kontrola, k1, k2 na k3, kutoka kwa mwenzake ambae mota yake hata haifanani na ya kwake, ananiambia "Kaka, hizi k tatu naelewa zinakaa wapi ila sielewi zinatoka wapi." Laptop yake chaji imeisha na umeme umekatika, kwa iyo tukakaa na kalamu. Nimeona niandike vile tulivyofanya maana kwa mfumo wa daraja la tatu wenye ingizo moja hii kitu inaisha kwenye ukurasa mmoja wa daftari, hauhitaji programu yoyote.

Wazo lenyewe ni dogo tu. Mfumo ukishafungwa lupu unakuwa na polinomia yake ya s, ndo iliyobeba tabia yote: utatulia haraka kiasi gani, utayumba au hautayumba. Hiyo polinomia ndani yake kuna k zako ambazo bado huzijui. Pembeni unaandika polinomia nyingine, ile unayoitaka wewe, yenye namba tupu. Halafu unasema hizi mbili ni kitu kimoja, kwa iyo namba iliyokaa mbele ya s skwea huku iwe sawa na ya kule, ya mbele ya s iwe sawa, na ile iliyobaki peke yake iwe sawa. Milinganyo mitatu, k tatu. Basi.

Kwanza uwe na mota kwenye karatasi

Hali zetu ni tatu: theta ni ngoma imezunguka kiasi gani (radiani), omega ni spidi yake (radiani kwa sekunde), na i ni karenti inayopita kwenye mota (ampia). Ingizo ni moja, volti unazoipa mota. Nikachukua namba za mota yake nikazisogeza kidogo ziwe nzuri kwa mkono: inesha ya mota na ngoma kwa pamoja 0.01, msuguano 0.02, konstanti ya mota 0.1 (ile ya toki na ile ya volti za kurudi ni namba moja ukitumia vipimo vya SI), ukinzani om 1, na induktansi henri 0.05. Mlinganyo wa upande wa kuzunguka unaugawanya kwa 0.01, wa upande wa umeme unaugawanya kwa 0.05, unabaki na hivi:

```
theta' = omega
omega' = -2*omega + 10*i
i'     = -2*omega - 20*i + 20*V
```

Kwenye matriksi:

```
A = [ 0   1    0 ]      B = [  0 ]
    [ 0  -2   10 ]          [  0 ]
    [ 0  -2  -20 ]          [ 20 ]
```

Kabla hujagusa k yoyote, tafuta polinomia ya mota ikiwa peke yake, bila kontrola. Watu wengi wanaruka hapa halafu baadae hawana cha kulinganisha nacho. Ni s mara determinanti ndogo ya pembeni:

```
s*[(s+2)(s+20) + 20] = s^3 + 22s^2 + 60s + 0
```

Hiyo sifuri ya mwisho inakwambia kitu: kuna poli moja, yani thamani ya s inayoifanya polinomia iwe sifuri, imekaa kwenye sifuri, kwa iyo ukiipa mota volti ngoma inazunguka tu, haina habari ya kusimama mahali. Poli nyingine mbili zipo karibu na -3.2 na -18.8. Ile ya -18.8 ni ya upande wa umeme hasa, ile ya -3.2 ni ya chuma kinachozunguka. Zikumbuke, tutazirudia.

Unataka itulieje?

Hapa ndo penye maamuzi, kwingine kote ni hesabu tu. Dogo alitaka taa itulie ndani ya sekunde moja hivi bila kupitiliza sana. Kwa jozi ya poli zinazotawala, muda wa kutulia ni kama 4 gawa kwa umbali wa poli kushoto kwa sifuri, kwa iyo sekunde moja inataka sehemu halisi iwe -4. Sehemu ya j ukiiweka nayo 4, unapata kupitiliza kama asilimia 4 hivi, ambayo kwa taa ya kwenye kamba hata huioni. Kwa iyo jozi ni -4+4j na -4-4j, na ukizizidisha:

```
(s+4)^2 + 16 = s^2 + 8s + 32
```

Poli ya tatu iende mbali kushoto ili isiingilie jozi, mara tano ya -4 inatosha, yani -20. Na hapa ona bahati, mota yenyewe ilishakuwa na poli -18.8, kwa iyo hatuilazimishi kwenda sehemu ngeni, tunaiacha karibu na kwao. Hiyo ni tabia nzuri ya kuiga, poli ambayo tayari ipo pazuri usiisumbue, kila ukiisogeza unalipa kwa volti.

```
(s^2 + 8s + 32)(s + 20) = s^3 + 28s^2 + 192s + 640
```

Hii ndo polinomia unayoitaka. Hakikisha namba mbele ya s kyubu ni 1 pande zote mbili, kama sio 1 gawanya kwanza, la sivyo ulinganishaji wote unakuwa bure.

Sasa funga lupu

Sheria ya kontrola ni V = -K*x, x ni hali zetu tatu zikipangwa kwenye safu, na K ni mstari mmoja wenye namba tatu, [k1 k2 k3]. Sio matriksi ya tatu kwa tatu, dogo alikuwa kaiandika hivyo akakwama, maana ingizo ni volti moja tu kwa hiyo K inachukua hali tatu inatoa namba moja. B mara K ndo inakuwa tatu kwa tatu, na kwa kuwa B yetu ina namba chini tu, B*K nayo inagusa mstari wa chini tu:

```
A - B*K = [   0         1          0     ]
          [   0        -2         10     ]
          [ -20k1   -2-20k2   -20-20k3   ]
```

Mistari miwili ya juu haijabadilika hata kidogo, na ina maana, kontrola haiwezi kubadilisha ukweli kwamba spidi ndo inayosogeza theta, wala kwamba karenti ndo inayoleta toki. Ukiona k imejitokeza kwenye mstari wa juu kwenye mfumo kama huu, rudi nyuma.

Sasa chukua s uiweke kwenye mshazari, toa hiyo matriksi, ishara zote zinageuka:

```
[   s        -1          0        ]
[   0        s+2       -10        ]
[ 20k1     2+20k2    s+20+20k3    ]
```

Determinanti unaifungulia kwa mstari wa kwanza maana una sifuri. Kipande cha kwanza ni s mara determinanti ya mbili kwa mbili iliyobaki, kipande cha pili kinatoka kwenye ile -1, na hapa ndo wengi wanaanguka. Ishara ya nafasi ya pili ni hasi, na namba yenyewe ni hasi, kwa iyo zinakuwa chanya, halafu determinanti yake ndogo ni 0 mara kitu kikubwa, toa (-10)(20k1), inatoka +200k1. Polepole hapo. Hasi nne zipo kwenye mstari mmoja, mimi mwenyewe huwa naziandika moja moja kwa mshale.

```
s*[(s+2)(s+20+20k3) + 10*(2+20k2)] + 200k1
```

Fungua mabano, kusanya s zinazofanana:

```
s^3 + (22 + 20k3)s^2 + (60 + 40k3 + 200k2)s + 200k1
```

Simama hapa kidogo uangalie vitu viwili kabla hujaenda mbele. Cha kwanza, weka k zote sifuri: unarudi kwenye s kyubu + 22 s skwea + 60 s, ileile ya mota peke yake tuliyoitoa mwanzo. Kama hairudi, umekosea kufungua na usiendelee. Cha pili, tafuta kama kuna mahali k mbili zimezidishana, kama k2 mara k3. Hazitakiwi kuwepo. Mfumo wenye ingizo moja polinomia yake siku zote k zinakaa moja moja bila kuzidishana, hata A iwe chafu vipi, maana B*K ni safu moja mara mstari mmoja na michanganyiko yote ya k mbili inakatana yenyewe. Kwa hiyo ukiiona imebaki, sio kwamba umepata mfumo mgumu, umesahau kipande kimoja cha determinanti ambacho kilitakiwa kuikata. Hiki kipimo kimeniokoa mara nyingi kuliko kurudia hesabu yote upya.

Linganisha

```
s^2:   22 + 20k3          = 28
s^1:   60 + 40k3 + 200k2  = 192
s^0:   200k1              = 640
```

Anza juu. 20k3 ni 6, kwa iyo k3 = 0.3. Ipeleke kwenye mstari wa pili: 60 jumlisha 12 ni 72, inabaki 120 ya kugawa kwa 200, k2 = 0.6. Wa mwisho k1 = 3.2. Ndo hivyo, imeisha.

Mfuatano umekuwa mwepesi kwa sababu B ilikuwa na namba moja tu chini. Kama B yako ina namba kwenye mistari miwili au mitatu, k zote zinaweza kuingia kwenye milinganyo yote, unakuwa na milinganyo mitatu ya pamoja kama ile ya sekondari, unaondoa k moja moja. Inachosha ila bado haina kipeo, ni hesabu ya mstari ulionyooka.

Na soma k kwa vipimo vyake, usiziache ziwe namba tu. k1 ni volti 3.2 kwa kila radiani ya kosa, k2 ni volti 0.6 kwa kila radiani kwa sekunde ya spidi, k3 ni volti 0.3 kwa kila ampia. Hii nitairudia chini, maana imenila jioni nzima.

Kipimo cha mwisho bila kompyuta

Rudisha namba ndani ya A - B*K:

```
[   0     1     0  ]
[   0    -2    10  ]
[ -64   -14   -26  ]
```

Jumla ya mshazari ni 0 toa 2 toa 26, yani -28, na jumla ya poli tulizotaka ni -4 -4 -20, -28. Sawa. Determinanti: fungua mstari wa kwanza, inatoka -640, na zao la poli ni 32 mara -20, -640. Sawa. Ya kati ni jumla ya determinanti ndogo tatu za mshazari, mbili ni sifuri, ya tatu ni (-2)(-26) toa (10)(-14), 52 jumlisha 140, 192. Zote tatu zimekubali. Ukipata mbili zimekubali na moja imekataa, kosa limeanzia kwenye k ya mstari huo, ila ikiwa ni k3 piga upya na k2 maana imetokana nayo, huna haja ya kufuta daftari.

Kwenye kodi

Kumwambia ngoma iende mahali, unaongeza amri r, na u hapa ni volti zilezile za V. Kwa mota hii theta yenyewe ndo pato na poli ya sifuri ipo ndani ya mota, kwa iyo geini ya amri ni k1 hiyohiyo, unaiunganisha na kosa:

```
u = 3.2*(r - theta) - 0.6*omega - 0.3*i;
```

Poli ya kasi kuliko zote ni -20, yani muda wake ni sekunde 0.05, kwa iyo mzunguko wa kodi uwe chini ya hapo sana, sisi tuliweka milisekunde 5. Ukiweka milisekunde 50 hesabu yote hii ya s huna tena haki ya kuitegemea.

Angalia ishara hapo. Kama wewe ulianza na V = +K*x basi matriksi ni A + B*K na k zako zitatoka hasi, hakuna ubaya, ubaya ni kuchanganya, hesabu ya kutoa na kodi ya kujumlisha. Ukigeuza ishara za k zetu polinomia inakuwa hivi:

```
s^3 + 16s^2 - 72s - 640
```

Ukishaona hasi katikati ya polinomia hata usitafute poli, imeshakufa, angalau moja ipo upande wa kulia. Kwenye meza utaijua bila hesabu: gusa ngoma kidogo kwa kidole, badala ya kukusukuma irudi, inakimbia kuelekea ulikoisukuma. Kamba itoe kabla ya jaribio la kwanza, nasema hivyo kwa sababu taa ya dogo ina ufa.

Volti zinatosha?

Betri ya dogo ni volti 12. Wakati amri inaingia, ngoma bado haijazunguka na karenti ni sifuri, kwa iyo volti za mwanzo ni 3.2 mara amri. Ngoma ina nusu kipenyo cha sentimita 5, radiani moja ni sentimita 5 za kamba. Amri ya sentimita 10 ni radiani 2, volti 6.4, betri inacheka. Mwisho wake ni 12 gawa kwa 3.2, radiani 3.75, kama sentimita 19. Ukiamuru zaidi ya hapo kwa mpigo mmoja draiva inagota kwenye 12, na ikishagota zile poli ulizopanga hazipo tena mpaka itoke kwenye kugota. Sio lazima iharibike, ila usishangae ikichelewa kuliko ulivyopiga hesabu. Amri kubwa ikatekate vipande.

Dogo akauliza swali ambalo kila mtu anauliza, "Si tuweke poli mbali zaidi itulie nusu sekunde?" Nikamwambia piga. Poli zote mara mbili: -8+8j, -8-8j, -40. Polinomia inakuwa s kyubu + 56 s skwea + 768 s + 5120. k3 inatoka 1.7, k2 inatoka 3.2, na k1 inatoka 25.6. Angalia k1, imetoka 3.2 mpaka 25.6, mara nane, kwa sababu ile namba ya mwisho ni zao la poli tatu na kila moja umeizidisha kwa mbili. Sasa radiani moja tu inataka volti 25.6, betri yako ina 12, yani hata sentimita 3 za kamba zinagotesha draiva. Akafuta mwenyewe.

Kuna upande mwingine wa shilingi, ukivuta poli ya tatu karibu sana. Ukiiweka -8 badala ya -20, k3 inatoka -0.3. Kihesabu ni sawa, wala hujakosea, ila maana yake karenti ikipanda kontrola inaongeza volti, unautumia umeme kuichelewesha poli ambayo mota imekuja nayo bure. Mimi nikiona k hasi kwenye mota ya kawaida narudi kwenye poli nilizochagua kabla sijarudi kwenye hesabu.

Jioni iliyoliwa

Tulivyoiwasha, amri ya radiani 2, taa ikaanza kusogea... na kusogea... na kusogea. Haiyumbi, haipitilizi, inatambaa tu kama konokono, nikahesabu sekunde saba na kitu mpaka ikatulia, na mota inatetemeka kwa sauti ya chini muda wote. Nikarudia determinanti mara mbili, mshazari unakubali, kila kitu kinakubali. Nikaanza kumlaumu mtu wa vipuri kwamba mota sio yenyewe.

Baadae nikafungua skrini ya namba, nikazungusha ngoma kwa mkono raundi moja kwa sekunde, nikihesabu kwa mdomo. Spidi ikaandika 60. Raundi moja kwa sekunde ni radiani 6.28 kwa sekunde, haiwezi kuwa 60. Laibrari ya enkoda inatoa raundi kwa dakika! Kwa iyo kila spidi ilikuwa inaingia mara 9.55 ya ukweli wake, ni sawa na kuwa na k2 ya 5.73 badala ya 0.6. Weka hiyo kwenye polinomia yetu: namba mbele ya s inakuwa 60 jumlisha 12 jumlisha 1146, yani 1218, zingine hazijabadilika.

```
s^3 + 28s^2 + 1218s + 640
```

Poli ya polepole unaikadiria kwa kugawa 640 kwa 1218, ipo kama -0.53, na 4 gawa kwa 0.53 ni sekunde saba na nusu. Ndo zilezile nilizohesabu kwa mdomo. Zile mbili nyingine zilikimbilia kwenye jozi yenye j kubwa kama 32, na nadhani ile sauti ya kutetemeka ilitoka huko. Dawa ni kuzidisha spidi kwa 0.1047 kabla ya kuitumia. Siku hizi kabla ya kuwasha chochote nazungusha raundi moja kwa sekunde kwa mkono nione 6.28, na nazungusha raundi moja kamili nione theta imeongezeka 6.28 nayo, sio 360.

Tukarekebisha, sekunde moja, imetulia. Dogo akapiga kofi.

Ila taa haikukaa sawasawa

Ilitulia chini ya pale tulipoiambia, kwa sentimita mbili. Hii sio kosa la hesabu, ndo mwisho wa njia hii. Taa ina gramu 200, kwenye nusu kipenyo cha sentimita 5 inavuta toki ya kama 0.1, na mota ili ishikilie toki hiyo inataka ampia 1 muda wote. Ampia 1 kwenye om 1 ni volti 1, jumlisha volti 0.3 ambazo k3 inakunyang'anya, volti 1.3. Hizo volti zitatoka wapi wakati spidi ni sifuri? Kwenye kosa tu. 1.3 gawa kwa 3.2 ni radiani 0.41, mara sentimita 5, sentimita 2. Imekaa pale kwa sababu inahitaji kosa ili ipate nguvu ya kushika.

Kwa meza ya chuo tulimaliza kwa kuongeza hizo volti moja kwa moja, tukichukua kupandisha ndo chanya:

```
u = 3.2*(r - theta) - 0.6*omega - 0.3*i + 1.3;
```

Sentimita mbili zikapotea. Kwenye ndoo ya maji zikarudi, kwa upande wa pili, maana taa ikizama maji yanaibeba na uzito kwenye kamba unapungua, sasa 1.3 ni nyingi kuliko inavyohitaji na taa inakaa juu ya ulipoiambia. Kwa kazi ya uvuvi kule Kibirizi ambako taa inaingia majini na kutoka, hiyo namba moja haitoshi, itabidi uongeze hali ya nne inayojumlisha kosa kadri muda unavyoenda. Hapo matriksi inakuwa ya nne kwa nne, k nne, polinomia ya s mpaka kipeo cha nne, na unalinganisha namba nne kwa njia hiihii. Dogo kaondoka na daftari kwenda kuifungua hiyo determinanti, nimemwambia atafute k mbili zilizozidishana kabla hajaniletea.